Hesabu inasema megahezi 1.03, osiloskopu inasema kilohezi 760. Koili na kapasita sambamba, nani mwongo?

KijanaWaChuno (Mtwara mjini)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa anayejua mambo ya masafa. Karatasi na mashine vinanipa majibu mawili yasiyofanana hata kidogo, na mradi unakaribia kukabidhiwa.

Natengeneza redio ndogo ya mawimbi ya kati, dayodi moja ya jemani na ampulifaya ndogo ya spika nyuma yake. Nimeanzia mlangoni, yaani koili na kapasita vikiwa sambamba. Koili nimezungusha mwenyewe kwenye kipande cha bomba la PVC la kipenyo cha milimita 50. Ni mizunguko 65 iliyobanana, waya wa shaba wa vanishi wa milimita 0.4 niliopewa na fundi anayerewindi mota huku Magomeni. Mita ya maabara inasoma mikrohenri 200. Kapasita ni ya seramiki, pikofaradi 120.

Hesabu niliyopiga:

f = 1 / (2π√(LC)), nikapata megahezi 1.027.

Kwenye masafa hayo upinzani wa koili dhidi ya mawimbi (X) ni kama omu 1,290. Waya nimeupima kwa multimita, omu 1.6. Kwa hiyo Q = 1,290 / 1.6, karibu 800, na upana wa bendi ni f / Q, kilohezi 1.3 hivi.

Halafu nikaenda maabara. Jenereta ya mawimbi nikaipitisha kwenye rezista ya omu 10,000 hadi juu ya koili, chini nikaunga graundi, probu ya osiloskopu nikaiweka juu ya koili. Nikazungusha masafa. Mlima wa volti uko kilohezi 760. Volti zinashuka hadi 0.7 ya kilele kwenye 720 upande mmoja na 800 upande mwingine. Upana ni kilohezi 80, Q ni 9.5.

Kutoka 800 hadi 9.5. Kapasita nimebadilisha, hali ni ile ile. Nini kinaendelea?

VoltNachingwea

Mkuu, kwanza kabisa usiamini maandishi kwenye kapasita za seramiki. Nyingi za bei rahisi zinapotoka asilimia 20 na zaidi, na joto likipanda zinabadilika tena. Itoe, ipime peke yake.

Pili, upana wa bendi unapimwa pale volti zinapofika nusu ya kilele, wewe umepima kwenye 0.7. Rudia kwa nusu.

Tatu, upinzani wa waya nao unasogeza masafa ya resonansi. Fomula yako ni ya koili isiyo na upinzani. Koili halisi inashuka chini. Hapo ndipo kilohezi 267 zako zilipopotelea.

FundiKorosho (Tandahimba)

Kijana, hii ninaijua. Kiwandani kwetu mota za kubangua korosho tunazifungia kapasita sambamba ili mkondo unaovutwa kutoka kwenye laini upungue. Mota ni koili, kapasita ni kapasita, sambamba. Ukizidisha kapasita inakuwa mbaya kuliko kutoweka. Labda na wewe umezidisha. Punguza kidogo kidogo huku unatazama ampea za laini mpaka zifike chini kabisa.

MzeeWaMasafa (Lindi)

Kijana, kabla ya kutupa kapasita nijibu mambo mawili. Swichi ya probu yako ilikuwa kwenye 1X au 10X? Na hiyo jenereta, kwenye tundu lake la kutokea pameandikwa omu ngapi?

Fundi wa Tandahimba, ulilolisema lina ukweli, mkondo wa kapasita na wa koili vinafutana na laini inapumua. Ni ndugu wa suala hili. Ila kule masafa ni 50 tu na hayabadiliki, hakuna anayechagua kituo. Yeye anauliza mlima uko wapi na una upana gani, na kwa hilo ampea za laini hazitamsaidia.

KijanaWaChuno

Shikamoo mzee. Probu ilikuwa 1X, kwa sababu kwenye 10X mawimbi yalikuwa madogo sana, sikuweza kusoma vizuri. Jenereta imeandikwa omu 50.

MzeeWaMasafa

Marahaba. Basi karatasi yako imekosea kitu kimoja, na mashine haijakosea chochote. Mashine imepima sakiti uliyoiunga, na sakiti uliyoiunga siyo ile uliyoichora.

Tuanze na masafa. Probu nyingi kwenye 1X, ukijumlisha waya wake na mlango wa osiloskopu, zina kapasita ya karibu pikofaradi 100. Umeiweka wapi? Juu ya koili kwenda graundi, yaani sambamba kabisa na kapasita yako. Kwa hiyo kapasita ya sakiti si 120 tena, ni 220. Rudi kwenye fomula yako mwenyewe, weka mikrohenri 200 na pikofaradi 220, uniambie umepata ngapi.

KijanaWaChuno

Mzee, nimepata kilohezi 759.

Nilisoma 760.

MzeeWaMasafa

Ndiyo hiyo. Kapasita yako ni nzima, na ndugu wa Nachingwea alikuwa na haki ya kukutahadharisha, maana zipo za hovyo nyingi, lakini hii siyo.

Kuhusu upinzani wa waya kusogeza mlima, ni kweli unausogeza, ila kwa kiasi gani? Chukua koili mbovu ambayo upinzani wake wenyewe unaifanya Q iwe 10. Mlima wake haushuki zaidi ya nusu asilimia, yaani kama kilohezi 5 kwenye megahezi moja. Hauwezi kumeza 267.

Sasa upana. Nishati kwenye sakiti hii inakwenda na kurudi kati ya koili na kapasita. Q inakueleza ni sehemu gani ya nishati hiyo inapotea kila mzunguko. Ukiwa na Q ya 100 zinapotea kama asilimia 6 kila mzunguko. Ukiwa na 9.5 inapotea karibu nusu. Swali lako basi ni hili: nishati inatokea wapi? Umetazama mlango mmoja tu, upinzani wa waya. Umeacha wazi mlango mkubwa kuliko huo.

VoltNachingwea

Mzee kwa heshima, hapo sikubaliani. Rezista ya 10,000 iko mfululizo na jenereta, haimo ndani ya sakiti. Fomula inataka rezista iliyo sambamba na koili. Ya kwake iko kwenye njia ya kuingilia.

MzeeWaMasafa

Simama juu ya koili, kaka, halafu utazame kuelekea kwenye jenereta. Unaona nini? Rezista ya omu 10,000, nyuma yake omu 50 za jenereta, kisha graundi. Nishati ya koili haijui kwamba wewe uliita njia ile ya kuingilia. Inaona omu 10,050 kwenda chini na inapita. Kwa koili, rezista hiyo iko sambamba.

Sasa hesabu. Kwa sakiti sambamba yenye mzigo pembeni, Q ni R gawanya kwa X, kinyume na ile ya waya. Kwenye kilohezi 759, X ya koili ni omu 954. Rezista ya 10,000 pamoja na hasara ya koili yenyewe na omu milioni moja za probu, vyote sambamba, vinabaki kama omu 9,100. Gawanya kwa 954 unapata 9.5. Masafa 759 gawanya kwa 9.5 ni kilohezi 80.

Namba zote mbili ulizosoma zimetoka kwenye vifaa ulivyopimia.

BintiMikindani

Nafundisha fizikia sekondari, na hili swali la nusu kila mwaka linarudi darasani, kwa hiyo naomba niliseme. Ukingo wa bendi ni pale nguvu inapofika nusu. Nguvu inakwenda kwa mraba wa volti, kwa hiyo nusu ya nguvu ni 0.707 ya volti. KijanaWaChuno alipima sawasawa.

Kaka wa Nachingwea, ukipima kwenye nusu ya volti unapata upana mara 1.73 ya ule wa kweli. Si dhambi, kuna wakati kupima hapo ni rahisi zaidi kwa sababu mlima umeshapanuka na kosa la kusoma linapungua. Ila lazima ugawanye kwa 1.73 kabla ya kutafuta Q.

VoltNachingwea

Hilo la nusu ya nguvu nimelipokea, dada. Na la rezista nimechora upya, naona kweli inashuka graundi.

Lakini bado swali lake moja halijajibiwa. Kwenye karatasi alipata Q ya 800. Tukiondoa vifaa vyote, atapata 800?

MzeeWaMasafa

Hapana, na hapo ndipo karatasi ilipokosea.

Multimita inapima waya kwa mkondo usiobadilika, ambao unajaza shaba yote. Kwenye megahezi moja mkondo unakimbilia kwenye ngozi ya waya. Kina chake kwenye shaba ni kama milimita 0.066 tu, na waya wake ni 0.4, kwa hiyo katikati ya waya ni kama haipo. Hilo peke yake linapandisha upinzani karibu mara mbili. Halafu mizunguko imebanana. Uga wa kila mzunguko unausukuma mkondo wa jirani yake upande mmoja wa waya, na upinzani unapanda tena, mara nyingi kuliko ile athari ya kwanza. Omu 1.6 za multimita zinaweza kuwa 8, 10 au hata 12 kwenye masafa yake. Siwezi kumpa namba kamili kwa kukaa Lindi na kukisia. Namba hiyo inapatikana kwa kupima.

Kijana, ukitaka kuijua koili yako yenyewe, fanya hivi. Ondoa rezista ya 10,000 kabisa. Tengeneza kitanzi cha mizunguko miwili ya waya, kiunge kwenye jenereta, kiweke sentimita kadhaa mbali na koili bila kugusana. Upande wa osiloskopu weka probu kwenye 10X, na kati ya ncha ya probu na juu ya koili weka kapasita ndogo sana, pikofaradi 2 hivi. Mawimbi yatakuwa madogo, kubali hivyo. Ongeza volti za jenereta, usisogeze kitanzi karibu. Kisha jiulize kila mara: nikisogeza kitanzi mbali zaidi, upana unabadilika? Ukibadilika, bado unapima kitanzi. Ukibaki pale pale huku kimo cha mlima kinashuka, umefika.

LigulaRedio

Naomba kuingilia kidogo na kisa changu. Nina redio ya mteja, hatua yake ya kati ni kilohezi 455. Kuna kikopo kimoja cha koili kiliungua nikakiweka kingine nilichotoa kwenye redio mbovu. Sasa inapokea vizuri mchana, usiku vituo viwili vinasikika pamoja, Kiswahili na Kireno juu yake. Nimezungusha skrubu ya kikopo mpaka sauti ikawa kubwa kabisa. Ni tatizo hili hili?

MzeeWaMasafa

Inawezekana. Usiku mawimbi ya kati yanasafiri mbali, vituo vya ng'ambo ya Ruvuma na vya mbali zaidi vinaingia, kwa hiyo redio yenye bendi pana inajianika usiku. Mchana haina wa kumtenganisha na mwenzake.

Skrubu inasogeza mlima tu, haiupunguzi upana. Tazama pini za kikopo. Upande wenye pini tatu, pini ya kati haiko katikati ya waya kwa bahati mbaya. Ni tawi, limewekwa ili transista iguse sehemu tu ya koili. Vikopo vya redio tofauti vina matawi tofauti, na vile vya dayodi havifanani na vile vya kati ya transista na transista. Kama umeweka cha aina nyingine, transista au dayodi inaikamua koili yote na Q inaanguka. Tafuta cha rangi ile ile ya skrubu.

KijanaWaChuno

Wakuu nimerudi kutoka maabara.

Nimefuata maelekezo ya mzee. Kitanzi cha mizunguko miwili, probu 10X, kapasita ya pikofaradi 2.2 kwenye ncha. Mawimbi madogo kweli, ila yanasomeka nikiweka osiloskopu kwenye wastani wa mizunguko mingi.

Mlima uko kilohezi 1,007. Kingo ziko 1,002.5 na 1,011.5. Upana ni 9, Q ni 112. Nimesogeza kitanzi mara mbili zaidi ya umbali wa kwanza, kimo kikashuka, upana ukabaki.

Nikapiga hesabu kinyumenyume. Masafa 1,007 na mikrohenri 200 zinataka pikofaradi 125. Za kwangu ni 120, kwa hiyo tano ni za ncha ya probu na za mizunguko ya koili yenyewe. X ni omu 1,265, gawanya kwa 112, upinzani wa waya kwenye masafa haya ni omu 11.3. Multimita iliniambia 1.6!

Kwa hiyo koili hii peke yake, kwenye mlima wake, inaonekana kama rezista ya 112 mara 1,265, yaani omu 142,000. Sasa naelewa kwa nini rezista ya 10,000 iliimeza.

MzeeWaMasafa

Kazi safi sana. Hiyo 142,000 iandike kwa wino kwenye bomba la koili. Kila kitu utakachokiunga juu yake kilinganishe na namba hiyo. Kikiwa kikubwa zaidi yake mara kumi, hakina neno. Kikiwa kidogo kuliko yenyewe, ndicho kitakachoamua upana wa bendi na koili yako haitakuwa na sauti tena.

Sasa niambie kuhusu dayodi. Baada ya dayodi umeweka rezista ya ngapi?

KijanaWaChuno

Omu 47,000, na kapasita ndogo sambamba nayo, kisha ampulifaya.

MzeeWaMasafa

Kwa mawimbi yenye nguvu, dayodi ya namna hiyo inaonekana mbele ya koili kama nusu ya rezista yake, omu 23,500. Weka sambamba na 142,000, unabaki na kama 20,000. Gawanya kwa 1,265. Q imekuwa 16 na upana ni kilohezi 63. Vituo vya mawimbi ya kati huku kwetu vimepangwa kila kilohezi 9. Mlango wa kilohezi 63 unaingiza saba kwa pamoja.

VoltNachingwea

Basi abadilishe koili. Kama Q ni R gawanya kwa X, na R ya dayodi haibadiliki, apunguze X. Mikrohenri 50 na pikofaradi 500, masafa yanabaki yale yale, X inakuwa robo, Q inapanda mara nne.

MzeeWaMasafa

Hapo umesema kitu kizuri, na kwa mzigo wa dayodi peke yake ni sahihi. Lakini kuna gharama mbili. Koili ndogo ina X ndogo, na hasara yake ikibaki na Q ile ile ya 112 basi ile 142,000 inashuka hadi 35,000 hivi, kwa hiyo Q ya jumla inafika 45 hivi, haifiki mara nne ya 16. Pia volti zinazopatikana juu ya koili zinapungua, na dayodi inataka volti. Juu ya hayo, kapasita ya kuzungusha ya pikofaradi 500 iliyo nzima uitafute wapi? Za kutoa kwenye redio ndogo za zamani ni za 200 na kitu, au chini ya hapo.

BintiMikindani

Si afanye kama kile kikopo cha LigulaRedio? Atoboe tawi kwenye koili. Dayodi iguse robo ya mizunguko kutoka upande wa graundi, mzunguko wa 16 kati ya 65. Mzigo unaonekana juu kwa mraba wa uwiano, yaani mara 16. Zile 23,500 zinakuwa 376,000. Sambamba na 142,000 unapata 103,000. Q ni 81 na upana ni kilohezi 12 hivi.

MzeeWaMasafa

Dada umemaliza. Na asitamani kushuka chini sana ya hapo. Kituo cha kilohezi 9 kina sauti inayokwenda pande zote mbili za masafa yake, mlango ukibana sana herufi za s na sh zinapotea, msomaji wa habari anasikika kama kafunikwa blanketi.

Angalizo moja: uwiano wa mraba unakuwa sahihi kabisa kama uga wote wa mizunguko ile 16 unapita kwenye mizunguko mingine yote. Kwenye koili ya hewa haupiti wote. Kwa hiyo toa matawi matatu, wa 12, wa 16 na wa 22, uchague kwa masikio.

VoltNachingwea

Nina wasiwasi na ile nusu ya rezista, mzee. Mtwara mjini mchana mawimbi ya vituo vya mbali ni hafifu. Dayodi ya jemani kwenye volti ndogo sana haifungui wala haifungi, inakaa tu kama rezista yake yenyewe. Mimi nimewahi kubadilisha rezista ya nyuma kutoka 47,000 hadi 220,000 na sikusikia tofauti yoyote kwenye kutenganisha vituo.

MzeeWaMasafa

Hilo ni kweli, ile nusu ni ya mawimbi yenye nguvu. Kwa hafifu, upinzani wa dayodi ndio unaotawala, na unatofautiana dayodi na dayodi. Kwa hiyo hesabu ya dada ni ya kuanzia tu, na kwa vituo hafifu tawi la 12 linaweza kushinda. Kwa dayodi yake hiyo sijui mpaka aijaribu.

KijanaWaChuno

Nimetoboa matawi. Wa 16 unatenganisha vizuri sana jioni. Wa 12 una sauti ndogo zaidi ila mchana unapata kituo kimoja ambacho wa 16 unakichanganya. VoltNachingwea naona ulikuwa na hoja.

Ila kuna jambo jipya. Koili nimeihamisha kutoka maabara yenye kiyoyozi hadi karakana iliyo wazi upande wa baharini, juu ya meza ya chuma, nikapima tena bila dayodi. Upana umekuwa 11.5 badala ya 9. Vifaa ni vile vile, umbali wa kitanzi ule ule.

BintiMikindani

Unyevu wa chumvi. Hapa Mikindani ukiacha koili usiku dirishani, asubuhi ukiigusa ina utelezi. Maji yenye chumvi kati ya mizunguko yanakula nishati. Ianike juani mpaka ikauke vizuri, ipake vanishi, upime tena.

LigulaRedio

Mimi nasema meza. Chuma chini ya koili kinazungusha mkondo wake chenyewe na kuiba nishati. Iinue juu ya viti viwili vya mbao, sentimita 30 juu ya chuma.

MzeeWaMasafa

Wote wawili mnaweza kuwa sahihi, na upana peke yake hautaamua, kwa sababu vyote viwili vinaupanua. Kijana, mlima ulisogea upande gani? Unyevu unaongeza kapasita kati ya mizunguko, mlima unashuka. Bamba la metali karibu na koili linasukuma uga wake, mikrohenri zinapungua, mlima unapanda. Kwa alumini au shaba hilo ni la uhakika. Kwa chuma linaweza kuyumba kidogo, kwa sababu chuma chenyewe ni sumaku.

KijanaWaChuno

Ulishuka, kutoka 1,007 hadi 1,004.

BintiMikindani

Unyevu.

VoltNachingwea

Au joto. Karakana bila kiyoyozi ni nyuzi zaidi ya 30, na nilishasema kuhusu kapasita za seramiki tangu mwanzo. Asilimia 0.6 ya kapasita inatosha kabisa kushusha mlima kilohezi 3, na zile za bei rahisi hasara yake nayo si ndogo. Weka kapasita ya maika badala yake, upime hapo hapo karakanani kabla hujaanika chochote.

KijanaWaChuno

Maika sina, nimeagiza Kariakoo zije kwa basi. Koili nimeiinua juu ya viti vya mbao kama alivyosema LigulaRedio: upana 11, mlima 1,004 vile vile. Meza ilichukua nusu kilohezi. Zilizobaki bado sijajua ni za chumvi au za kapasita. Kapasita ikifika nitapima kwanza kabla ya kuanika koili, kisha nitaweka namba zote hapa.